Mvi za Nazi

"Bibi, nikalie punda-meno?"

Bibi akafuta ulimi wa chuma kwa upindo wa kanga. "Huyu mbuzi, mume wangu."

"Mbuzi ana miguu."

"Hesabu."

Hamadi, mwenye umri wa miaka minne, akahesabu. Minne kweli. "Mbona hali majani?"

"Anakula nazi. Na vidole, ukimchezea. Kaa kitako hapo kwenye jamvi."

Nazi zilikuwa tatu. Bibi alizigonga katikati kwa mgongo wa panga, akizizungusha mkononi mpaka zikapasuka. Ya tatu ilikuwa imeanza kuota, na ndani yake limo donge jeupe, laini kama sponji.

"Ubongo!" Hamadi akapiga kelele.

"Joya. Onja." Akammegea. "Hii tuile tu. Ikishaota, nyama yake haina tui la maana."

Akazikuna zile mbili akianzia ukingoni, na kila alipokaribia ganda la kahawia akageuza upande, lisije likalitia tui rangi. Nazi iliyokunwa ikajaa sinia. Akamimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, akafinyanga, akaitia kwenye mfuko wa ukindu.

"Soksi ya nazi."

"Kifumbu."

"Ki-fu-mbu," Hamadi akarudia, akalijaribu tena akiwa ameziba pua.

Tui zito likawekwa kando. Akaongeza vikombe viwili vya maji, akakamua tena. Hili jepesi ndilo lililotangulia jikoni pamoja na changu, bizari, chumvi na ndimu. Kifumbuni zikabaki nyuzi kavu.

"Hizi mvi za nazi."

Bibi akanyamaza kidogo, akavuta ushungi mbele. "Chicha," akasema. "Za kuku."

Samaki alipoiva, akamimina tui zito na kuvuta kuni mbili nje ya mafiga. Akakoroga polepole kwa upawa, asimvunje samaki. Tui zito halitaki moto mkali wala kuachwa peke yake.

"Bibi! Kuku wameingia kwenye ubongo!"

"Joya," akasema, naye keshainuka.

Alipokwisha kuwafukuza na kurudi, chungu kilikuwa kinatokota. Mafuta yameelea juu, chini maji yenye chengachenga nyeupe.

Hamadi akachungulia. "Vimegombana."

"Tui limekatika, mwanangu. Likikatika halirudi." Akaepua.

Adhuhuri mama yake Hamadi akarudi kutoka shamba la mwani, akafunua chungu. "Mama, leo mchuzi una nini?"

"Umegombana," Bibi akasema, akimpakulia.

Hamadi akatoa kidole kinywani. "Umekatika, Bibi," akasema taratibu. "Sema: u-me-ka-ti-ka."