Zoezi la mlima, Jumamosi hii: kalavati hadi mkaratusi

Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Jumamosi tunapanda. Tukutane kwenye kalavati, mwanzo wa barabara ya vumbi, na saa 12:15 asubuhi tunaanza kukimbia, siyo kuegesha pikipiki. Yeyote anayejiandaa kwa nusu marathoni ya Kilimanjaro anajua njia ya Mweka inavyomsubiri, kwa hiyo sitaki visingizio vya baridi.

Kipande chetu ni mita 300, kutoka kalavati hadi mkaratusi mkubwa wa kulia. Nimekipima kwa futi kamba, na kimo nimekipata kwa levo ya mpira wa maji ya fundi ujenzi, kipande kwa kipande: tunapanda mita 18. Gawanya 18 kwa 300, ni asilimia 6. Simu zenu zitawapa namba nyingine, achaneni nazo.

Kanuni yetu ni ile ile: kila asilimia moja ya mwinuko inaongeza asilimia 6 kwenye muda wako wa tambarare. Kwa hiyo hapa unazidisha kwa 1.36. Muda wa tambarare ni ule wa mbio zako za kilomita 5 za sasa, siyo za mwaka ulipokuwa mwembamba.

Kundi A, dakika 3:40 kwa kilomita: mita 300 tambarare ni sekunde 66, mlimani sekunde 90. Panda mara 10.
Kundi B, dakika 4:20: sekunde 78 zinakuwa 106. Panda mara 8.
Kundi C, dakika 5:20: sekunde 96 zinakuwa 131, yaani 2:11. Panda mara 6.

Kuna watu wa kundi A watapanda raundi ya kwanza kwa sekunde 80 na kunitazama wakitaka sifa. Sina sifa za raundi ya kwanza. Nitasimama kwenye mkaratusi na saa, na ninachokiangalia ni raundi ya mwisho na ya pili kuwa ndani ya sekunde 3. Ukiona unapitwa na muda kwa sekunde 5 raundi mbili mfululizo, umemaliza zoezi. Shuka taratibu, anza kupoza mwili. Hakuna aibu hapo.

Ukipanda: hatua fupi, mikono ifanye kazi, macho mita kumi mbele. Usiinamie kiunoni. Ile sehemu ya katikati yenye mawe, shika upande wa kushoto. Usisimame ukigusa mti, geuka huku unatembea hatua chache, kisha anza jogi.

Kushuka ndiyo mapumziko yako, hayana nyongeza. Kundi A dakika 6:00 kwa kilomita, sekunde 108. Kundi B 7:00, sekunde 126. Kundi C 8:00, sekunde 144. Kushuka kwa kasi kunapiga mapaja kuliko kupanda, na maumivu yake yanakuja kesho yake, ukiwa umeshasahau ulipoyapata. Wanaoshuka wakae kushoto kwao, wanaopanda vilevile. Bodaboda za kubeba ndizi zinateremka bila kupiga honi, na asubuhi hiyo ni nyingi.

Hesabu ya muda: jogi ya kupasha mwili dakika 15 kwenye tambarare, mazoezi ya viungo na michapuo minne ya mita 80 dakika 10, maji na kamba za viatu dakika 3. Mlima wenyewe unaanza saa 12:43, kukiwa kumeshapambazuka. Ukijumlisha kupanda na kushuka, pamoja na kushuka kwa mwisho kwa sababu mabegi yako chini: kundi A dakika 33:00, B 30:56, C 27:30. Kisha jogi laini dakika 10 na kunyoosha viungo dakika 5.

Jumla, kundi A saa 1 na dakika 16, mnamaliza saa 1:31. B ni saa 1 na dakika 14, saa 1:29. C saa 1 na dakika 10 na nusu, mnafika saa 1:26. Wanaowahi kazini wajue hivyo.

Mvua ikinyesha usiku, vumbi linakuwa utelezi, hatupandi hapo. Tunahamia lami ya juu, mita 200 zenye kimo cha mita 16: asilimia 8, zidisha kwa 1.48. Kundi A sekunde 65, mara 14. B 77, mara 11. C 95, mara 8. Kasi ya kushuka haibadiliki: sekunde 72, 84 na 96. Mlima unapungua kidogo, 31:58, 29:31 na 25:28, lakini utausikia. Nitatuma ujumbe saa 11:15 alfajiri. Nisipotuma, ni kalavati.

Maji kila mtu na yake. Aliyeumwa kifundo wiki iliyopita asije kupanda. Njoo unisaidie kushika saa ya pili chini.