Ratiba ya marudio ya mtihani wa fedha: wiki mbili, kundi la Kibuye

Wenzangu, mtihani ni Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia leo, saa tatu asubuhi. Tunakutana Jumatatu hadi Ijumaa jioni, saa kumi na mbili na nusu, chumba cha nyuma cha duka la shangazi, Kibuye, kwa saa mbili kamili. Anayetoka Maseno atoke mapema, msongamano wa Kondele anaujua. Kila mtu aje na kalkuleta atakayoingia nayo mtihanini. Simu zibaki mfukoni.

Siku sikuzigawa sawa, na kuna sababu. Niliposoma karatasi zetu nne za jaribio la mwezi jana, fomula zilikuwa sawa karibu zote. Tulichokosea ni muda: riba ya mwaka imewekwa kando ya miezi 12, malipo ya mwanzo wa mwezi yamehesabiwa kana kwamba ni ya mwisho. Kosa hilo likibaki, litatufuata hadi kwenye bondi na hisa.

Jumatatu na Jumanne. Thamani ya fedha kwa wakati, kwenda mbele na kurudi nyuma.

`FV = PV × (1 + r)^n`

Sh10,000 kwa asilimia 12 kwa miaka 3 ni Sh14,049.28. Ukishaipata, irudishe hadi ufike Sh10,000 tena. Maswali kumi kila siku, na hakuna kugusa kalkuleta kabla ya kuchora mstari wa muda. Najua mnaona mstari huo ni wa watoto.

Jumatano. Riba inayohesabiwa mara nyingi kwa mwaka. Asilimia 12 kwa mwaka, ikihesabiwa kila mwezi, inazaa asilimia 12.68. Fanyeni pia kwa robo mwaka na nusu mwaka.

Alhamisi na Ijumaa. Malipo yanayojirudia.

`PV = PMT × [1 − (1 + r)^−n] / r`

Mkopo wa Sh100,000, asilimia 1 kwa mwezi, miezi 12: lipo la kila mwezi ni Sh8,884.88. Andikeni jedwali lote kwa mkono. Mwezi wa kwanza riba ni Sh1,000, wa pili ni Sh921.15. Ukipata Sh1,000 tena mwezi wa pili, hukupunguza deni.

Ijumaa tumalizie na chama. Watu 12, kila mmoja Sh5,000 kwa mwezi, mmoja anabeba Sh60,000. Anayebeba mwisho anangoja miezi 11 baada ya wa kwanza. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, Sh60,000 zake zina thamani ya takriban Sh53,779 siku ile wa kwanza anapobeba. Mkimwambia mama mwenye kibanda cha omena hatashangaa; ndiyo maana kura ya nafasi huleta kelele.

Jumamosi. Maswali ya zamani ya sehemu hii tu, saa tatu mfululizo. Jumapili hakuna kitabu.

Jumatatu ya pili. Bondi. Ya Sh100,000, riba asilimia 12 inayolipwa kila nusu mwaka, imebaki miaka 3, soko linadai asilimia 14. Hapo `r` ni 0.07, `n` ni 6, na lipo ni Sh6,000. Jibu: Sh95,233 na senti. Soko likidai zaidi ya riba ya bondi, bei lazima ishuke chini ya Sh100,000. Jibu lako likizidi hapo, rudi nyuma.

Jumanne. Hisa.

`P0 = D1 / (r − g)`

Gawio lililolipwa juzi ni Sh2, linakua asilimia 5, wanahisa wanadai asilimia 15. Bei ni Sh21. Aliyepata Sh20 ametumia gawio la juzi badala ya lijalo.

Jumatano. Miradi. Pikipiki ya boda ya Sh180,000 inayoingiza Sh80,000 mwishoni mwa kila mwaka kwa miaka 3: kwa asilimia 15 inabakisha kama Sh2,658, kwa asilimia 18 inapoteza kama Sh6,058. Elezeni kwa maneno kilichobadilika.

Alhamisi na Ijumaa. Hatari. Hisa mbili, asilimia 60 na 40 ya pesa, mkengeuko sanifu asilimia 20 na 30, uhusiano 0.2. Mkengeuko wa pamoja ni asilimia 18.6, chini ya wa kila moja peke yake. Ijumaa ni beta:

`E(R) = Rf + β × (Rm − Rf)`

Bila hatari asilimia 12, soko asilimia 18, beta 1.3: jibu ni asilimia 19.8. Ukipata 35.4, umesahau kutoa `Rf` kwenye mabano.

Jumamosi. Karatasi nzima, saa tatu asubuhi hadi saa sita, kama siku yenyewe. Tunabadilishana na kusahihishana.

Jumapili. Kila mtu peke yake, makosa ya Jumamosi tu. Jioni wekeni betri mpya kwenye kalkuleta, na tukutane Jumatatu saa mbili na robo langoni.