Kikoba cha Kiborloni: Aliweka 500,000, Akapata 548,000. Faida Halisi ni Ngapi?

Kama umekuja kutafuta jinsi ya kugeuza elfu kumi kuwa milioni, video hii si yako. Humu kuna daftari la mama mmoja anayeuza mitumba Kiborloni, Moshi, na kikoba chao cha watu 22. Ameturuhusu tuonyeshe hesabu zake, jina ameomba tuliache.

Hisa yao ni shilingi 5,000. Yeye alinunua mbili kila Jumapili kwa wiki 50, jumla 500,000. Walipovunja mwezi wa kumi na mbili alipewa 548,000. Watu wakisikia hivyo wanapiga makofi. Lakini katikati ya mwaka alikopa 200,000 za mzigo kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi, akalipa riba 30,000. Toa hiyo, inabaki 18,000. Na bado hatujagusa ada za kutuma kwa simu! Faida ya kikoba hutoka kwenye riba na faini za wanachama wenyewe, hakuna mjomba anayeongezea. Nilipomuuliza kama anajuta alicheka: "Hiyo laki tano ningekuwa nayo wapi? Ningeshaila kidogo kidogo."

00:00 Daftari, ukurasa kwa ukurasa
03:40 Mkopo wa kikoba na ule wa kausha damu
07:15 Kisanduku cha kufuli tatu au simu?
11:50 Ada za miamala
14:30 Usajili wa kikundi

Ukiwa na haraka, nenda 07:15. Kikundi nilichokuwemo mimi, Pasua, hela zote zilikaa kwenye laini ya mweka hazina. Akasafiri msibani Rombo, simu ikapotea, na laini ilikuwa kwa jina la shemeji yake. Wiki tatu hakuna aliyekopa wala aliyelala vizuri. Hakuiba mtu, ila tulitazamana vibaya. Kwa hiyo tafuteni huduma ya kikundi kama M-Koba, ambapo fedha hazitoki bila viongozi kuidhinisha na kila mwanachama anaona salio kwenye simu yake. Namba ya siri haitajwi kikaoni, hata kwa mwenyekiti.

Kuhusu ada: ukituma kwa simu halafu mweka hazina akatoe kwa wakala, mmekatwa mara mbili. Mnaokutana ana kwa ana, leteni taslimu, mwekaji awe mmoja.

Usajili: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi vya kijamii daraja la nne, na maombi hupitia halmashauri yenu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkiwa na katiba na orodha ya wanachama.

Video hii haina mdhamini. Sisajili watu kwenye vikundi wala sipokei hela ya mtu. Akikufuata mtu kwa jina la chaneli hii akikuomba utume, usitume.

Wiki ijayo tunaenda Mbuyuni kwa wauza ndizi wanaocheza upatu wa kila siku.

#vikoba #Moshi #akiba