Vita vya Msalaba: chanzo chake na yaliyobaki

Dogo, swali lako la historia nimelisoma jana usiku nikiwa kwenye daladala, "eleza sababu za Vita vya Msalaba na madhara yake ya kudumu", sasa ukiandika tu eti Wakristo na Waislamu walikuwa wanachukiana mwalimu atakupa mbili kati ya ishirini na wala hajakuonea. Soma hii polepole.

SABABU

Anzia 1071. Waturuki wa Seljuki, ambao ni Waislamu, waliwachapa Wabizanti, yaani dola ya Wakristo wa Mashariki yenye makao Konstantinopo, pale Manzikert, wakamkamata mpaka mfalme wao, na kuanzia hapo Anatolia, Uturuki ya leo, ikawa inawaponyoka. Baadae mfalme Aleksio wa Kwanza akapeleka maombi ya msaada kwa Papa. Yeye shida yake ilikuwa askari wa kumsaidia kurudisha ardhi yake basi, hakuomba umati wa watu wanaokwenda Yerusalemu.

Papa Urbano wa Pili ndo akalikuza. Novemba 1095 pale Clermont, Ufaransa, akahubiri kwamba anayekwenda Yerusalemu kwa ajili ya Mungu, sio kwa kutafuta sifa wala pesa, safari yenyewe itahesabika kuwa toba yake. Alikuwa na hesabu zake pia, manake kanisa la Roma na la Mashariki walishakorofishana tangu 1054 na mabwana wa Ulaya walikuwa wanauana wao kwa wao kila siku, kwa hiyo kuwaelekeza mbali ilikuwa nafuu kwake.

Halafu kuna hii ya kwenye notisi kwamba walioenda ni vijana wasiorithi ardhi. Iandike ila usiitegemee sana, safari ilikuwa ghali mno, Godfrey wa Bouillon aliweka rehani ngome yake kwa askofu wa Liege ili apate hela ya njiani. Mtu haweki nyumba rehani kwa uchu wa mali tu, hawa walikuwa wanaogopa moto wa jehanamu kweli.

Na upande wa Waislamu usiuruke, wengi wanauruka. Sultani wa Waseljuki Malik Shah alifariki 1092, familia ikaanza kugombania kiti, watawala wa Halabu na Damaski hawaaminiani japo ni ndugu wa damu, na Wafatimiya wa Misri ambao ni Mashia wakawanyang'anya Waseljuki Yerusalemu 1098. Yaani nyumba ilikuwa inagombana mlango uko wazi. Mwaka uliofuata, 15 Julai 1099, Wafaranji, yaani hao wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya, wakaingia mjini wakachinja Waislamu na Wayahudi.

Katikati pita haraka: Zengi, mtawala Mwislamu wa Mosul na Halabu, anawanyang'anya Wafaranji mji wa Edessa 1144, Sultani Salahuddin anashinda Hattin na kuichukua Yerusalemu 1187, Wamamluki, watawala wa Misri, wanaiteka Akka, ngome kubwa ya mwisho ya Wafaranji, 1291, kwisha.

MADHARA

Hapa ndo pa kukaa. Lile kovu kubwa kuliko yote kwa maoni yangu ni la Wakristo kwa Wakristo. 1204 wapiganaji waliotakiwa kwenda kupigana na Waislamu wakaishia kuiteka na kuipora Konstantinopo, mji wa Wakristo wenzao! Wabizanti waliurudisha 1261 lakini dola haikupata tena nguvu zake, ikaja kuanguka kwa Waturuki wa Osmani 1453. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokwenda Athene 2001 ilibidi aombe msamaha kwa jambo hilo, miaka karibu mia nane imepita.

Wayahudi nao, 1096 kabla jeshi halijafika popote, magenge ya waliojiunga na safari hii yaliwaua kule Mainz na miji mingine ya mto Rhine.

Biashara: Venisi, Jenoa na Pisa walipewa mitaa yao kwenye bandari kama Akka kwa kuwa wao ndo wenye meli, wakatajirika. Ila usiandike kwamba elimu ya Waarabu ilifika Ulaya kwa vita hivi, sehemu kubwa ilipitia Hispania na Sisili.

Ya mwisho inatuhusu sisi wa pwani na ukiiweka mwalimu atashtuka. Shirika la mashujaa la Templa lilizaliwa kwenye vita hivi, Papa akalivunja 1312, lakini Ureno mfalme akaanzisha Shirika la Kristo 1319 na mali za Templa zikaenda huko. Shirika hilo ndo likaja kusaidia kugharamia safari za baharini za Wareno, ndo maana matanga yao yalikuwa na msalaba mwekundu. Vasco da Gama akatokea kwetu 1498, Kilwa ikaporwa 1505, na 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus Mombasa. Jina lenyewe si unalisikia.

Lile swali la pili la ramani fanya mwenyewe, mi nina usingizi.