Dai la fidia ya katoni ya vipuri iliyopotea kati ya Nairobi na Kisumu

Barabara ya Kirinyaga,
Nairobi.

21 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mizigo,
Ofisi ya River Road,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: STAKABADHI YA MZIGO NAMBARI 04417, KATONI MOJA KATI YA TATU

Tarehe 24 Februari 2025 nilikabidhi katoni tatu za vipuri vya magari katika kaunta yenu, ziende kwa mteja wangu Kisumu. Karani wenu alizipima, akaandika thamani ya kila katoni peke yake, akanitoza nauli ya shilingi 600 kwa katoni pamoja na ada ya thamani. Kesho yake mteja alipokea mbili. Kabla ya kutia sahihi aliandika kwenye nakala yenu, "Nimepokea katoni 2 tu," na karani wa Kisumu akagonga muhuri.

Iliyopotea ni katoni ya tatu, ya kilo 38. Kwa mujibu wa ankara yangu ya eTIMS nambari 1186, kodi ikiwemo, ilikuwa na shokomzoba 8 za shilingi 5,500 kila moja (44,000), beringi za magurudumu 12 za shilingi 2,400 (28,800) na seti 10 za brekipadi za shilingi 1,850 (18,500). Jumla ni shilingi 91,300, na ndiyo thamani iliyoandikwa kwenye stakabadhi. Nikiongeza nauli ya katoni hiyo, nadai shilingi 91,900. Ada ya thamani siidai, kwa sababu niliilipa ili nipate fidia hii hasa.

Afisa wenu amenitajia sharti lililo nyuma ya stakabadhi, kwamba fidia haizidi shilingi 5,000. Naomba alisome tena lote. Linahusu mzigo ambao mwenyewe hakutaja thamani yake. Mimi niliitaja, mkaiandika, mkachukua pesa kwa hesabu ya thamani hiyo. Mkiikubali siku ya kutoza ada, ikubalini na siku ya kulipa.

Wala hakuna ubishi kuhusu mahali katoni ilipopotelea. Orodha ya mizigo ya lori niliyoonyeshwa River Road ina katoni tatu zilizopakiwa Nairobi, na ya kupakua Kisumu ina mbili. Ilipotea ikiwa mikononi mwenu.

Mteja huyo ni fundi, na magari ya watu yalikuwa juu ya jeki yakisubiri vipuri hivyo. Nilimtumia vingine kwa gharama yangu, kwa hivyo pengo hili limo dukani kwangu hadi leo.

Nimeambatisha nakala za stakabadhi, ankara na hati ya mapokezi ya Kisumu. Naomba malipo kamili, au katoni yenyewe ikiwa nzima, kufikia Ijumaa tarehe 4 Aprili 2025. Baada ya hapo nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Ningependelea tumalizane ofisini, maana bado nina wateja wa Kisumu na Kakamega wanaohitaji lori la kutegemewa.

Wako mwaminifu,

Mwenye duka la vipuri, aliyetuma mzigo