Dada Salma, kabla hatujasaini: umri wa watazamaji wako na vifaa wanavyotumia

Mambo dada Salma, pole na majukumu.

Ile dili ya video mbili za apu yetu ya daftari la madeni bosi kaikubali, bei ni ileile 1,200,000 na nusu unapata kabla hujarekodi. Kimebaki kitu kimoja tu. Kwenye ile pdf uliyotutumia umeandika asilimia 72 ya watazamaji ni wa miaka 18 hadi 34 na karibu wote wanatumia simu, lakini sijaona hizo namba ni za lini, na video yako ya kutotolesha vifaranga ilipasuka baada ya hapo kwahiyo nahisi watu wamebadilika sana.

Naomba uingie YouTube Studio kwa kompyuta, Analytics, halafu Advanced mode, weka Last 90 days, nchi chagua Tanzania. Nipe Viewer age, Device type na Operating system. Usinitumie skrinishoti, rekodi skrini kidogo ukiwa unabadilisha kutoka moja kwenda nyingine, dakika moja inatosha. Sio kwamba sikuamini jamani, watu wa fedha ndo wanavyotaka siku hizi. Upande wa Revenue usifungue kabisa, hela yako hainihusu 😀

Kwanini nasumbua hivi: apu iko Play Store tu, ya aifoni bado, sasa kama robo ya watu wako ni iOS hao tunawalipia bure. Halafu kusajili lazima uwe na miaka 18 kwahiyo wale wa 13–17 nawatoa kwenye hesabu. Na TV ndo naiwazia zaidi, maana mtu anayekuangalia kwenye TV sebuleni hawezi kubonyeza linki uliyoweka chini ya video, hao ikibidi tuwawekee QR kodi kwenye skrini sekunde kama 15 hivi waiskani na simu, na hilo linabadilisha hata script.

Umri najua hauko sahihi asilimia mia, YouTube inahesabu waliologini tu, na mtoto akishika simu ya mama yake anahesabika kama mama. Hilo tunalielewa, kwahiyo namba zikitoka tofauti na zile za pdf usiogope na usizirekebishe, nitumie hivyohivyo. Dili haifi, labda tuhamishe tangazo liende kwenye video nyingine.

Nikipata kabla ya Alhamisi saa kumi jioni basi Ijumaa mkataba unasainiwa.

Alafu kitu kingine, sisi hatuombi paswedi na hatukutumii faili lolote la kuinstoli. Ukipata imeili ya hivyo yenye jina langu usifungue, nipigie kwanza kwenye namba ile tuliyoongea juzi. Chaneli za watu zinaibiwa hivyohivyo, wanajifanya wadhamini.

Asante dada, na kuku wazima?

Baraka, masoko