Mkono wa pole kwa Zuhura, kwa kufiwa na kakake Salim

Kibokoni, Mombasa

Kwa Dada Zuhura,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama na wifi yako Rukia nimekwisha kuwapa mkono wa pole. Barua hii ni yako peke yako, kwa kuwa tangu Salim azikwe Sarigoi sijasikia mtu akikupa wako. Nilikuwapo matangani siku zote 3. Kila aliyeingia alikushika mkono akakuuliza, “Mama anaendeleaje? Na mjane je?”, nawe ukamjibu kwa upole, birika la kahawa mkononi, kisha ukarudi uani kutazama masufuria. Kibali cha mazishi ulikifuata wewe, na wageni wa Lamu wewe ndiwe uliyewatafutia pa kulala. Nilitamani mtu akupokee lile birika akuketishe, na nasikitika kwamba hakutokea.

Rukia ana eda yake ya miezi 4 na siku 10, na ni haki yake. Dada mtu hupewa siku 3, na ya nne watu humtarajia kazini. Lakini kikomo hicho ni cha kukaa matanga na kuacha mapambo. Moyo haukuwekewa siku. Bibi Safiya bint Abdul-Muttalib, alipouawa nduguye Hamza katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alikwenda mwenyewe hadi uwanjani na nguo mbili za kumkafini, ingawa walijaribu kumzuia asiuone mwili. Hakuna aliyesema huzuni ile haikuwa yake kwa vile Hamza alikuwa na wake na watoto.

Nawe na Salim mlifuatana ziwa. Nawakumbuka mkitoka chuoni jioni na karatasi moja ya viazi karai, yeye akivimaliza viazi na kukuachia ukwaju, kisha akiapa mbele ya Mama kwamba mligawana sawa. (Sote tulijua, na Mama pia alijua.) Rukia alimkuta mtu mzima. Salim yule wa chuoni, pamoja na utundu wake wote, wewe ndiwe uliyeishi naye, na sasa unabaki kumkumbuka bila wa kukusahihisha. Huo ni msiba mzito, Zuhura, na huna haja ya kuuficha ili wengine wapate nafasi ya kulia.

Ijumaa baada ya Alasiri nitakuja, inshallah, na chakula cha usiku cha nyumba nzima. Binti yangu atakaa na Mama. Ukitaka kumzungumza Salim tutamzungumza, hata yale ya kuchekesha; ukitaka kulala, lala, nami nitawapokea wageni.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ailaze roho yake pema, na akupe wewe subira.

Wako,
Mwanaidi